Ujira wa saa si mshahara wa mwaka

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo huambiwa zaidi wafanyabiashara, lakini leo tungependa kuuelekeza kwa watu wa aina mbili ambao mara chache hufikiriwa unapotajwa: kibarua anayelipwa kwa saa, na mtumishi wa serikali anayepokea fomu ya kibarua huyo na kutakiwa kuandika ndani yake pato lake la mwaka.

Swali lenyewe huonekana jepesi. Mtu analipwa kiasi fulani kwa saa, je, kwa mwaka anapata kiasi gani? Mwanafunzi wa darasa la saba ataona kuwa ni kuzidisha tu. Lakini azidishe kwa nini? Hapo ndipo wengi hutofautiana, na tofauti zao si za senti mbili tatu. Kwa mtu yule yule na ujira ule ule, afisa mmoja aweza kuandika pato lililo karibu mara mbili ya lile alilopata kibarua kweli. Matokeo yake hayakai katika karatasi. Mtoto wa kibarua huyo huonekana kuwa na mzazi mwenye uwezo kuliko alionao, akapungukiwa na mkopo wa masomo. Au baba mwenyewe hukopeshwa pembejeo kwa kipimo cha pato asilonalo, na msimu ukiisha deni linabaki mlangoni pake.

Ili jambo hili lieleweke, tutakwenda hadi Kasekese, katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Tumechagua sehemu za Mpanda kwa kusudi. Huko mvua ni ya msimu mmoja tu, inaanza kwenye mwezi wa Novemba na kukoma kwenye Aprili, na kazi ya shamba hufuata mvua. Kwa hiyo kibarua wa Kasekese hawezi kuwa na wiki hamsini na mbili za kazi hata angetaka. Mwaka wake una mapengo, na mapengo hayo ndiyo yatakayotufundisha hesabu.

Kilichomo ndani ya amri ya mishahara

Tuanze na msingi wa sheria. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 iliweka kima cha mfanyakazi wa kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, na kwa saa shilingi 717.95. Viwango vya namna hii hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Kabla ya hapo, amri ya mwaka 2013 ilikuwa na shilingi 100,000 kwa mwezi na 512.85 kwa saa, na mnamo Oktoba 2025 vilitangazwa vingine vya kuanza Januari 2026. Basi msomaji azichukue tarakimu za makala haya kuwa za mfano wa mwaka 2024, na aweke kiwango cha mwaka wake mahali pake. Viwango hubadilika, lakini njia ya hesabu haibadiliki.

Sasa tazama uhusiano wa tarakimu hizo mbili. Gawa 140,000 kwa 717.95, utapata saa 195. Gawa 100,000 ya zamani kwa 512.85, utapata tena saa 195. Hilo halikutokea kwa bahati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, siku zisizidi sita kwa wiki, na saa zisizidi tisa kwa siku. Sheria hiyo hiyo ina jedwali la kubadili ujira wa saa kuwa wa siku, wa wiki au wa mwezi. Jedwali hilo laagiza kwamba ukitaka kupata mwezi, utafute kwanza ujira wa wiki, kisha uzidishe kwa 4.333.

Watu wengi huuliza 4.333 imetoka wapi, maana wao wamezoea kusema kwamba mwezi una wiki nne. Jibu ni kwamba mwaka una wiki 52, na ukizigawa kwa miezi 12 kila mwezi hupata wiki nne na theluthi moja. Anayehesabu wiki nne kwa mwezi anapata wiki 48 kwa mwaka, na wiki nne nzima zimemponyoka bila kujua. Kwa kima cha 717.95 wiki nne hizo ni saa 180, nazo ni shilingi 129,231. Mwajiri anayemlipa mfanyakazi wa kudumu ujira wa wiki mara nne na kuuita mshahara wa mwezi amemnyima karibu mshahara wa mwezi mmoja kila mwaka, na wote wawili waweza wasitambue.

Basi mwaka kamili wa sheria ni saa 45 mara wiki 52, yaani saa 2,340. Zidisha kwa 717.95, utapata shilingi 1,680,003, ambayo ukiondoa shilingi tatu za masazo ni sawasawa na 140,000 mara miezi 12. Hii ndiyo tarakimu ambayo afisa mwenye haraka huiandika katika fomu, na kwa mfanyakazi mwenye ajira ya kudumu ameandika sawa.

Ameandika sawa kwa nini? Hapana budi tuelewane juu ya jambo hili kabla ya kuendelea. Mfanyakazi wa kudumu naye hafanyi kazi wiki zote 52. Sheria inampa likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka, na siku hizo huhesabiwa pamoja na sikukuu zitakazoangukia humo. Anapumzika pia Sikukuu ya Mapinduzi, Muungano, Idd na Krismasi. Lakini mshahara wake haukatwi kwa siku hizo. Hakuwapo kazini, na bado alilipwa. Kwa hiyo ukimtolea likizo na sikukuu katika pato lake la mwaka utakuwa umemdhulumu. Kinachopasa kutolewa ni muda ambao mtu hakufanya kazi na pia hakulipwa. Muda ambao hakufanya kazi lakini alilipwa hubaki ndani ya hesabu kama ulivyo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mtu yeyote mwenye ujira wa saa si "unalipwa shilingi ngapi?" Ni hili: "Siku usipokwenda kazini, unalipwa au hulipwi?"

Mwaka wa kibarua wa Kasekese

Sasa tumchukue kibarua mmoja wa mfano, mwenye kufanya kazi katika shamba la mahindi na mpunga huko Kasekese mwaka 2024. Amepatana kulipwa kima cha sheria, shilingi 717.95 kwa kila saa aliyofanya, na asipofanya halipwi. Anaingia shambani saa 1 asubuhi na kutoka saa 9 na nusu alasiri, siku sita kwa wiki. Hapo katikati kuna saa moja ya mapumziko ya chakula, na sheria haimlazimishi mwajiri kuilipa ikiwa mfanyakazi ameachwa apumzike kweli. Basi ingawa yupo shambani kwa saa nane na nusu, saa za malipo ni saba na nusu. Mara sita ni 45. Hili ni kosa la kwanza ambalo hutokea mara nyingi: kuhesabu saa za kuwapo badala ya saa za malipo.

Mwaka 2024 ulianza Jumatatu na ulikuwa na siku 366, yaani wiki 52 na siku mbili. Siku hizo mbili za mwisho wa Desemba tuziache kando, na tuanze na wiki 52.

Katika wiki hizo, tutoe kwanza zile ambazo shamba halikuwa na kazi. Mavuno ya mpunga yalipomalizika katikati ya Julai, kazi ilisimama mpaka utayarishaji wa mashamba ulipoanza upya. Tuseme kuanzia Jumatatu ya tarehe 15 Julai hadi Jumapili ya tarehe 22 Septemba, yaani wiki 10. Tena kulikuwa na kipindi cha kungojea, baada ya palizi na kabla ya mavuno, tuseme kuanzia tarehe 4 hadi 31 Machi, wiki nne. Kisha kila mwanadamu ana maradhi na misiba: tumpe wiki moja ya Februari aliyolala na homa, na wiki moja ya mwanzo wa Juni aliyokwenda mazishini. Jumla ni wiki 16 zisizo na malipo. Wiki alizofanya kazi ni 36, na kwa siku sita kila wiki ni siku 216.

Hatua ya pili ni sikukuu, na hapa ndipo uangalifu wahitajika zaidi. Taifa letu lina siku 17 za mapumziko ya kitaifa kwa mwaka. Karani asiyefikiri atatoa zote 17. Lakini siku huondolewa ikiwa tu ingekuwa siku ya kazi na ya malipo kama isingekuwa sikukuu. Mwaka 2024, Siku ya Karume, tarehe 7 Aprili, na Sabasaba, tarehe 7 Julai, ziliangukia Jumapili, siku ambayo kibarua wetu hakuwa akifanya kazi kwa vyovyote. Nane Nane na Maulidi ziliangukia ndani ya zile wiki 10 za ukame, na Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, iliangukia ndani ya zile wiki nne za kungojea. Wiki hizo tumekwisha kuzitoa nzima nzima. Tukizitoa sikukuu hizo tena tutakuwa tumemkata mtu yule yule mara mbili kwa siku moja.

Basi zinabaki 12: Mwaka Mpya na Mapinduzi katika Januari, Jumatatu ya Pasaka, siku mbili za Idd el Fitri, tarehe 10 na 11 Aprili, Muungano, Mei Mosi, Idd el Haji ya tarehe 17 Juni, kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere katika Oktoba, Uhuru katika Desemba, Krismasi na siku inayofuata. Siku 216 ukitoa 12 zinabaki 204.

Hesabu hii ya sikukuu haiwezi kunakiliwa mwaka hadi mwaka. Sikukuu zinazofuata mwandamo wa mwezi hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Idd ambayo mwaka 2024 ilimkuta kibarua shambani, baada ya miaka kadhaa itamkuta nyumbani katika wiki zisizo na kazi, na haitampunguzia chochote. Kinyume chake pia hutokea. Kwa hiyo kalenda ya mwaka wenyewe lazima ifunguliwe.

Hatua ya tatu ni siku zilizokatika. Siku 204 mara saa saba na nusu ni saa 1,530. Lakini katika masika ya Katavi mvua hunyesha mchana, na msimamizi huwaruhusu watu waondoke. Tuseme siku 20 zilikatika hivyo, kila moja ikapoteza saa tatu na nusu. Hizo ni saa 70. Mwenye mshahara wa mwezi asingelijua hasara hiyo, kwa kuwa mvua haimpunguzii kitu. Mwenye ujira wa saa huihisi jioni ile ile. Saa zinazobaki ni 1,460.

Sasa ndipo tuzidishe. Saa 1,460 mara shilingi 717.95 ni shilingi 1,048,207. Hilo ndilo pato la mwaka la kibarua huyu kutokana na ujira wake. Ukiligawa kwa miezi 12 ni shilingi 87,350 na ziada kidogo kwa mwezi. Ukumbuke kwamba ujira wake kwa saa ni ule ule wa mwenzake wa kudumu, hata senti moja haijapunguzwa. Lakini mwenzake amepata 1,680,003, na yeye amepungukiwa kwa shilingi 631,796. Katika kila shilingi mia za mwenzake, yeye amepata sitini na mbili.

Namna ya kulitambua kosa

Watumishi wa ofisi hawawezi kumfuata kila kibarua shambani. Lakini zipo njia nyepesi za kuitambua hesabu isiyo ya kweli, hata kabla ya kumwita mtu kumhoji.

Ya kwanza ni kuigeuza tarakimu kuwa saa. Chukua pato lililoandikwa katika fomu, ligawe kwa ujira wa saa. Mathalani, wapo wanaohesabu saa nane kwa siku, siku 30 kwa mwezi, miezi 12 kwa mwaka. Kwa njia hiyo kibarua wetu angeandikiwa shilingi 2,067,696. Gawa kwa 717.95, utapata saa 2,880. Gawa saa hizo kwa wiki 52, utapata zaidi ya saa 55 kwa wiki, kila wiki, bila Jumapili, bila Idd, bila homa. Sheria inakomea saa 45, na zinazozidi ni za ziada, zenye malipo ya mara moja na nusu. Kwa hiyo tarakimu ile yajishuhudia yenyewe kuwa si ya kweli. Ilikuwa karibu maradufu ya alichopata. Kwa ufupi, pato lolote la kibarua wa saa linalozidi saa 2,340 bila kutajwa saa za ziada lirudishwe likahesabiwe upya.

Ya pili ni kuuliza juu ya mwezi mmoja mbaya. Afisa akimwuliza kibarua mapato ya "mwezi wa kawaida", atatajiwa Januari au Mei, wakati kazi imejaa. Hakuna anayeukumbuka Agosti kuwa mwezi wa kawaida. Amwulize: "Agosti ulipata nini?" Jibu likiwa ni sifuri, afisa ajue kuwa hana haki ya kuzidisha mwezi mmoja kwa 12.

Ya tatu ni kutazama kama mtu ametumikia mwajiri mmoja au wengi, maana hapo sheria ina neno lake. Mfanyakazi aliyetimiza chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Lakini aliyeajiriwa kwa msimu anayo, na hata yule anayeitwa na mwajiri yule yule zaidi ya mara moja katika mwaka anayo, ikiwa jumla ya vipindi hivyo inapita miezi sita. Malipo ya likizo iliyolimbikizwa huhesabiwa kwa ujira wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kibarua wetu amefanya siku 204. Gawa kwa 13, utapata siku 15 kamili na sehemu. Siku moja ya saa saba na nusu ni kama shilingi 5,384, na siku 15 ni shilingi 80,769. Ikiwa wiki zake 36 zote zilikuwa kwa mwajiri mmoja, basi fedha hizo ni haki yake, na pato lake la mwaka lapanda hadi shilingi 1,128,976. Ikiwa alihangaika kwa waajiri watatu wasiohusiana, wiki 12 kila mmoja, bila ajira ya msimu inayotambulika, fedha hizo hazipo. Watu wawili waweza kufanya saa zile zile kwa ujira ule ule, na mmoja akawa na haki ambayo mwenzake hana.

Vivyo hivyo, kibarua aliyeitwa kufanya kazi katika sikukuu ya kitaifa sheria inamstahilisha ujira maradufu kwa kila saa. Kama aliitwa siku mbili kati ya zile 12, ziingizwe katika hesabu kila moja kama siku mbili za ujira. Asiyeziuliza hatazijua.

Mambo ya zamani yana somo

Wazee waliowahi kwenda mkongeni wakati wa ukoloni hawatashangazwa na habari hizi. Wengi wa manamba walitoka sehemu za magharibi mwa nchi, na huko Tanga walifanya kazi kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30, na ujira ulilipwa siku zote 30 zilipotimia, si mwezi wa kalenda ulipokwisha. Siku ya ugonjwa haikutiwa alama, wala siku ya mapumziko. Anayekamilisha kipande chake katika wiki sita hakuwa na vipande 12 kwa mwaka, alikuwa na vipande vinane na kitu. Hata hivyo kilichoandikwa katika hesabu ya bwana shamba kiliitwa ujira wa mwezi, na aliyesikia neno hilo Dar es Salaam alidhani kuwa mtu anaupata mara 12.

Kosa la kuandika mwezi mmoja mara 12 kwa kibarua wa saa ni kosa la aina ile ile. Jina la kipimo limebaki, na muda uliomo ndani yake umesahauliwa.

Ndugu zetu wa visiwani nao wanalifahamu jambo hili kwa njia yao. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya mwaka 2005, na viwango vyake, kwa hiyo saa 45 na siku 28 tulizotumia hapa zisihamishwe huko bila kutazama sheria ya huko. Lakini mchumaji wa karafuu anayelipwa kwa pishi ana mwaka wenye mapengo kuliko hata wa Kasekese. Kuna mwaka wa mavuno makubwa, na kuna mwaka ambao mikarafuu haizai kitu cha maana. Njia ya hesabu ni ile ile, isipokuwa badala ya saa huandikwa pishi, na mwaka mmoja hautoshi kuwa kipimo. Tarakimu ya mwaka wa neema isichukuliwe kuwa pato la kila mwaka.

Kuirudisha hesabu nyuma

Hesabu tuliyoifanya inaweza kupandwa ngazi au kushukwa. Mpaka sasa tumetoka kwenye saa tukafika kwenye mwaka. Kibarua anayekwenda kupatana anahitaji kutoka kwenye mwaka na kurudi kwenye saa.

Tuseme anataka mwaka wake umpatie kile kile anachopata mwenzake wa kudumu, shilingi 1,680,003, na anajua kwamba saa zake hazitazidi 1,460. Agawe. Atapata shilingi 1,150.69 kwa saa. Hicho ndicho kima kinacholingana na 717.95 ya mtu mwenye likizo, sikukuu na siku za mvua zilizolipwa. Akiambiwa kwamba ujira wa shilingi 900 kwa saa ni mkubwa kwa kuwa umepita kima cha sheria, ajue kwamba kwa saa ni kweli umepita, lakini kwa mwaka utampa shilingi 1,314,000, na bado yuko chini ya mwenzake kwa zaidi ya laki tatu na nusu. Hatusemi kwamba kila mwajiri wa Kasekese anaweza kulipa 1,150. Mwenye shamba dogo naye anategemea mvua hiyo hiyo. Tunasema kwamba wanaopatana wajue wanapatana juu ya nini.

Yote haya yanasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni kumbukumbu ya saa. Wiki 16, sikukuu 12 na saa 70 za mvua tumeziweka katika mfano wetu, lakini katika maisha hakuna atakayezikumbuka mwezi wa Desemba. Daftari la shilingi mia chache linatosha: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saa za malipo, na saini ya msimamizi kila Jumamosi. Siku isiyo na kazi iandikwe pia, pamoja na sababu yake, iwe mvua, sikukuu, homa au shamba kukosa kazi, kwa kuwa sababu ndiyo inayoamua kama siku hiyo inadaiwa malipo au haidaiwi. Mwisho wa mwaka safu ya saa za malipo ijumlishwe, izidishwe kwa ujira, kisha iongezwe malipo ya likizo ikiwa yapo.

Nao maafisa wanaopokea fomu wangefanya vyema kubadili swali moja katika karatasi zao. Pale palipoandikwa "pato la mwezi", na afisa akazidisha kwa 12, paandikwe mambo matatu: ujira wa saa, wiki alizofanya kazi kwa malipo katika miezi 12 iliyopita, na wastani wa saa za malipo kwa wiki. Kwa kibarua wetu majibu yangekuwa 717.95, 36, na saa 40 na nusu hivi. Ukizidisha utafika karibu sana na shilingi 1,048,207, bila kumsumbua mtu kwa maswali mengi, na bila kumwandikia utajiri wa karatasi ambao hajapata kuuona mkononi.